Kovariansi ni sifuri, lakini vigeu si huru: kusoma picha ya jedwali la uwezekano wa pamoja mpaka jibu la mwisho

Jioni moja baada ya magharibi mpwa wangu alinitumia kwa WhatsApp picha ya jedwali la swali lao: tafuta kovariansi ya X na Y, kisha useme kama ni huru. "Shikamoo mjomba. Mimi nimepata kovariansi 0.30, kwa hivyo nimeandika vigeu vinategemeana. Mwenzangu kapata 0, kaandika vigeu ni huru. Nani yuko sawa?"

Nilikaa kibarazani na kalamu, nikaifanya hesabu yote upya. Mpwa wangu alikuwa na hitimisho sahihi lililotoka kwenye namba mbovu. Mwenzake alikuwa na namba sahihi, ila hitimisho lake halikuwa sahihi. Makosa yote mawili hutokea sana, na jedwali hili moja linayaonyesha vizuri kuliko mfano mwingine wowote ninaoujua, kwa hivyo nitalipitia lote pamoja nawe.

Swali lenyewe lilitungwa juu ya kibanda cha chai ya asubuhi, kama vile vya Mwembe Tayari, Mombasa. X ni idadi ya mahamri anayoagiza mteja, na Y ni idadi ya vikombe vya chai. Kila moja ina thamani tatu tu: 0, 1 au 2. Kila kisanduku cha jedwali ni uwezekano wa X na Y yake kutokea pamoja. Hivi ni vigeu vya kuhesabika, yaani huruka kutoka thamani moja hadi nyingine bila kupita katikati. Hakuna mteja wa vikombe 1.4.

Kwanza, nakili picha kwenye karatasi

Usianze kuzidisha ukiwa unatazama skrini. Chora jedwali lako mwenyewe, kubwa, ukiacha mstari mmoja mtupu chini na safu moja tupu upande wa kulia. Nafasi hizo mbili utazihitaji baadaye.

Picha ya mpwa wangu ilipigwa chini ya balbu, na kivuli cha simu kiliangukia kona ya chini kushoto. Nilichoweza kusoma ni hiki:

```
        Y=0    Y=1    Y=2
X=0    0.10   0.10    -
X=1     -     0.20   0.20
X=2     ??    0.20   0.05
```

Kuna alama mbili za kufikiriwa hapa. Vistari viwili vidogo si namba zilizosahaulika. Katika majedwali ya namna hii kistari maana yake ni sifuri: tukio hilo halitokei. Hakuna mteja aliyekunywa vikombe viwili bila hamri hata moja, na hakuna aliyechukua hamri moja tu bila chai. Hata hivyo usiamini kistari moja kwa moja. Utakithibitisha kwa jumla, kama tutakavyoona.

Zile alama za kuuliza ndizo kivuli. Mpwa wangu alikiruka kisanduku hicho kwa makusudi, na sababu yake ilionekana ya maana: kiko chini ya Y=0, na kwenye kovariansi tunazidisha X kwa Y, kwa hivyo hata kiwe na nini kitazaa sifuri. Hapo ndipo ile 0.30 yake ilipozaliwa. Tutarudi.

Kisanduku kimoja kilichofichika hupatikana bila kuomba picha nyingine, kwa sababu visanduku vyote vikijumlishwa lazima vifike 1. Jumlisha vinavyosomeka:

0.10 + 0.10 + 0.20 + 0.20 + 0.20 + 0.05 = 0.85

Kilichobaki ni 1 − 0.85 = 0.15. Basi kisanduku cha X=2, Y=0 ni 0.15. Nilimwomba aangalie daftari lenyewe chini ya mwanga mzuri, na kweli ilikuwa 0.15. Kwa jibu hilo hilo tukajua kwamba vistari vile ni sifuri kweli, maana hapakubaki kitu cha kuvigawia.

Njia hii ina mpaka wake. Kama visanduku viwili vimefichika, jumla ya 1 inakupa jumla yao tu, si kila kimoja. Hapo unahitaji jumla za pembeni ziwe zimeandikwa kwenye swali, au picha mpya.

Na kama hakuna kilichofichika, jumlisha vilevile. Sifuri ikipotea kwenye picha, 0.05 husomeka 0.5 na jumla inapanda hadi 1.45. Ukisoma 5 kama 6, jumla inakuwa 1.01. Jumla isiyo 1 kamili inakwambia kuna namba umeisoma vibaya, na mara nyingi ile ziada yenyewe hukuonyesha ni ipi. Angalia pia kigeu gani kimeandikwa juu na kipi pembeni. Ukivibadilisha, kovariansi haitabadilika, lakini utaandika wastani wa mahamri mahali pa wastani wa chai, na alama zitapotea.

Jumla za pembeni

Sasa zile nafasi tulizoacha. Kwenye kila mstari jumlisha kuelekea kulia, andika pembeni. Kwenye kila safu jumlisha kuelekea chini, andika chini. Namba hizo huitwa uwezekano wa pembeni, na jina limetoka hapo hapo zinapokaa.

```
        Y=0    Y=1    Y=2    jumla
X=0    0.10   0.10   0.00    0.20
X=1    0.00   0.20   0.20    0.40
X=2    0.15   0.20   0.05    0.40
jumla  0.25   0.50   0.25    1.00
```

Safu ya kulia inazungumzia mahamri peke yake, kana kwamba chai haipo: asilimia 20 ya wateja hawachukui hamri, 40 wanachukua moja, 40 wanachukua mawili. Mstari wa chini unazungumzia chai peke yake. Wanafunzi wengi hujumlisha sawasawa halafu wanachanganya majina, wakaandika jumla za mistari kuwa ni za Y. Jiulize tu: nilipojumlisha mstari huu, ni kigeu gani kilikaa palepale? Kwenye mstari wa kwanza X ilibaki 0 mwanzo hadi mwisho, chai ndiyo iliyokuwa ikibadilika. Basi hiyo 0.20 ni ya X=0.

Jumla za kulia lazima zifike 1, na za chini pia.

Wastani mbili

Wastani wa X unapatikana kwa kuzidisha kila thamani kwa uwezekano wake wa pembeni, kisha kujumlisha:

E(X) = 0×0.20 + 1×0.40 + 2×0.40 = 1.20

E(Y) = 0×0.25 + 1×0.50 + 2×0.25 = 1.00

Kwa wastani mteja anachukua mahamri 1.2 na kikombe kimoja cha chai.

Wastani wa zao, kisha kovariansi

Kovariansi hupima kama vigeu viwili hupanda pamoja, au kimoja hupanda kingine kikishuka. Kanuni rahisi ya mkono ni hii:

Cov(X,Y) = E(XY) − E(X)×E(Y)

Kwa E(XY) tunarudi ndani ya jedwali. Kila kisanduku kinatoa zao la thamani tatu: X yake, Y yake, na uwezekano ulioandikwa ndani. Mstari wote wa X=0 na safu yote ya Y=0 vinazaa sifuri, kwa hivyo vinabaki visanduku vinne tu:

X=1, Y=1: 1×1×0.20 = 0.20
X=1, Y=2: 1×2×0.20 = 0.40
X=2, Y=1: 2×1×0.20 = 0.40
X=2, Y=2: 2×2×0.05 = 0.20

Jumla ni 1.20. Basi:

Cov(X,Y) = 1.20 − 1.20×1.00 = 0

Sasa turudi kwenye 0.30 ya mpwa wangu. Alisema kisanduku cha X=2, Y=0 hakina athari kwenye E(XY), na hapo alisema kweli: E(XY) yake ilikuwa 1.20, sawa na yetu. Lakini kisanduku hicho kinaingia kwenye jumla ya pembeni ya X=2. Alipokiacha, jumla hiyo ilishuka kutoka 0.40 hadi 0.25, na E(X) ikawa 0.40 + 2×0.25 = 0.90 badala ya 1.20. Kisha 1.20 − 0.90×1.00 ikampa 0.30. Kisanduku kinachozaa sifuri kwenye zao bado kinabeba uzito wake kwenye wastani. Angejumlisha visanduku vyote kabla ya kuanza angeona 0.85, akajua kuna kitu hakipo.

Mahali mwenzake alipoteleza

Mwenzake alipata 0 na akaandika: "kwa hivyo X na Y ni huru." Kanuni aliyoikumbuka ni ya kweli, ila aliisoma kinyumenyume. Vigeu vikiwa huru, kovariansi yake ni sifuri. Hilo ni hakika. Lakini sifuri ikipatikana, haikuambii kwamba vigeu ni huru.

Kuwa huru ni sharti zito zaidi. Linadai kwamba kila kisanduku kiwe sawa na zao la jumla zake mbili za pembeni:

P(X=x, Y=y) = P(X=x) × P(Y=y), kwa kila x na kila y

Nilimwambia mpwa wangu ajaribu. Akachagua kisanduku cha katikati, kama wafanyavyo wengi: 0.40×0.50 = 0.20, na ndani kuna 0.20. Kimelingana! Akapanda juu: 0.20×0.50 = 0.10, na ndani kuna 0.10. Akashuka chini: 0.40×0.50 = 0.20, na ndani kuna 0.20. Visanduku vitatu, vyote vimelingana. "Mjomba, si ni huru basi?"

Safu nzima ya Y=1 inatimiza sharti, na mtu akiishia hapo anaondoka na jibu baya huku ana ushahidi wa namba tatu mkononi. Lakini nenda kwenye kona ya juu kulia. Zao la pembeni ni 0.20×0.25 = 0.05, na ndani ya kisanduku kuna 0. Sharti limevunjika. Kisanduku kimoja kinatosha kulivunja, na X na Y si huru.

Kwa kweli visanduku vyote sita vilivyobaki havilingani. Hivi ndivyo jedwali lingekuwa kama mahamri na chai vingekuwa huru, huku jumla za pembeni zikibaki zile zile:

```
        Y=0    Y=1    Y=2    jumla
X=0    0.05   0.10   0.05    0.20
X=1    0.10   0.20   0.10    0.40
X=2    0.10   0.20   0.10    0.40
jumla  0.25   0.50   0.25    1.00
```

Liweke kando ya lile la kwanza. Pembeni hazitofautiani hata kidogo, ndani ni mambo mengine kabisa. Kwa hivyo jumla za pembeni peke yake haziwezi kukuambia vigeu vinahusianaje. Angalia pia mistari ya jedwali hili la pili: mstari wa X=1 ni ule wa X=0 uliozidishwa kwa mbili, na wa X=2 vilevile. Kwenye jedwali la vigeu huru, kila mstari huwa ni mstari mwingine uliozidishwa kwa namba fulani. Ndiyo maana sifuri ndani ya jedwali ni dalili ya haraka sana. Ukiona sifuri mahali ambapo jumla yake ya mstari na jumla yake ya safu si sifuri, umeshapata jibu kabla ya kuzidisha chochote: si huru. Vile vistari viwili vya kwenye picha vilikuwa vimelisema hili tangu mwanzo.

Ni visanduku vingapi vinatosha kuthibitisha uhuru, basi? Kwa jedwali la tatu kwa tatu, vinne vinatosha, mradi uvichague kwenye mistari miwili na safu mbili. Vikilingana vyote vinne, vingine vinalazimishwa na jumla za pembeni. Vitatu vya safu moja havitoshi, kama tulivyoona. Mimi huwaambia wanafunzi wavipime vyote tisa, maana kazi ni ya dakika mbili na inakamata makosa ya kunakili.

Kwa nini kovariansi haikuona kitu

Hapa ndipo penye maana ya somo zima, na naomba usipite haraka. Chukua wateja kwa mafungu na uulize kila fungu linakunywa vikombe vingapi kwa wastani. Kwa kila mstari, zidisha Y kwa kisanduku, jumlisha, halafu ugawanye kwa jumla ya mstari huo:

Wasio na hamri: (1×0.10 + 2×0) ÷ 0.20 = 0.5
Wenye moja: (1×0.20 + 2×0.20) ÷ 0.40 = 1.5
Wenye mawili: (1×0.20 + 2×0.05) ÷ 0.40 = 0.75

Chai inapanda kutoka 0.5 hadi 1.5, kisha inashuka hadi 0.75. Unaweza kuwaona watu wenyewe: anayechukua hamri moja ameketi, anatowelea, anaongeza kikombe. Anayechukua mawili mara nyingi anafungiwa aende nayo, na chai atainywa kwingine. Uhusiano upo, tena ni wa nguvu. Lakini kovariansi inatafuta mwelekeo mmoja tu, kupanda au kushuka kwa mstari ulionyooka. Hapa kupanda kwa upande mmoja kumefutana kabisa na kushuka kwa upande wa pili, na ikabaki sifuri.

Wengi hunasa hapa kwa sababu mifano ya kwanza darasani huwa ni majedwali ya mbili kwa mbili. Kigeu kikiwa na thamani mbili tu hakuna nafasi ya kupanda kisha kushuka. Kwa hivyo vigeu vyote viwili vikiwa na thamani mbili mbili, kovariansi ya sifuri kweli inamaanisha ni huru. Mtu anazoea, halafu anakutana na thamani tatu na mazoea yanamdanganya. Kwa upande wa pili hakuna hatari: kovariansi isiyo sifuri, kwa ukubwa wowote na kwa jedwali lolote, inatosha kusema vigeu si huru.

Kuna jambo moja zaidi linalosaidia picha zinapokatwa vibaya. Kama vichwa vya jedwali havionekani, yaani hujui kama X ni 0, 1, 2 au 10, 20, 50, huwezi kupata wastani wala kovariansi. Lakini uhuru unaweza kuupima vilevile, kwa sababu sharti lake linatumia uwezekano tu, halizijali thamani. Badilisha vichwa vya X kwenye jedwali letu viwe 10, 20, 50, kovariansi itatoka kwenye sifuri. Kutegemeana kwa vigeu hakutabadilika.

Kuhakiki kwa simu

Ukiwa na Google Sheets kwenye simu, andika thamani za Y kwenye B1:D1, za X kwenye A2:A4, na jedwali kwenye B2:D4. Jumla za mistari ziwe E2:E4, za safu B5:D5. Kisha:

```
=SUMPRODUCT(A2:A4*B1:D1*B2:D4)
=SUMPRODUCT(A2:A4,E2:E4)
=SUMPRODUCT(B1:D1,B5:D5)
=SUMPRODUCT(ABS(B2:D4-E2:E4*B5:D5))
```

Ya kwanza ni E(XY), ya pili E(X), ya tatu E(Y). Ya nne inajumlisha tofauti za visanduku vyote dhidi ya jedwali la uhuru. Kwa jedwali letu inatoa 0.40. Vigeu vikiwa huru inatoa 0. Usishtuke ukiona kitu kama 2.2E-16 mahali ulipotarajia sifuri. Hiyo ni mikia ya desimali ndani ya mashine, ihesabu kuwa sifuri.

Haya yote ni kwa jedwali la uwezekano lililotolewa kamili. Ukienda mwenyewe kibandani ukahesabu wateja 100, jedwali lako litakuwa la hesabu za sampuli, na halitalingana na mazao ya pembeni hata kama vigeu ni huru kweli, kwa sababu ya bahati tu. Huko swali hugeuka kuwa tofauti ni kubwa kiasi gani, na chombo chake ni jaribio la khi mraba.

Kwenye karatasi ya mtihani mpwa wangu aliandika hivi, na hapahitajiki zaidi:

"Cov(X,Y) = 1.20 − 1.20×1.00 = 0. Hata hivyo P(X=0, Y=2) = 0, ilhali P(X=0)×P(Y=2) = 0.20×0.25 = 0.05. Hazilingani, kwa hivyo X na Y si huru."